Fundi geti hayupo BRELA, nimpe advansi?

"Wakuu, kuna fundi wa mageti Chang'ombe hapa Dodoma anataka advansi laki sita, jina la karakana yake nimelitafuta BRELA halipo. Ni tapeli?"

Kutokuwepo BRELA peke yake hakusemi kitu mkuu, mafundi kibao hawajasajili na wanapiga kazi miaka. Ila jua makaratasi hayatakusaidia hapo, unachoweza kujua ni yeye ni nani, yupo pale tangu lini na watu wanamdai nini.

Anza na jina. Muombe lipa namba au namba anayopokelea hela, anza kutuma kidogo, jina likitokea lilinganishe na kitambulisho chake cha NIDA kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa la mtu mwingine muulize ni nani, anaweza kuwa mke wake kweli, lakini pia ndo mchezo wa matapeli.

Halafu nenda kwa mwenye fremu, huyo anajua ameingia lini na kama kodi inamshinda. Mtendaji wa mtaa muulize kama kuna malalamiko yameshafika kwake, kusikia "simjui" sio ushahidi wa ubaya maana wapangaji wengi hawafahamiki ofisini.

Mimi namwamini zaidi muuza vyuma, muulize kama anamkopesha, kama alikuwa anamkopesha akaacha basi hapo pana jambo.

Hata yote yakikaa sawa, madeni yake mengine hutayaona, so laki sita usimkabidhi, nenda nae dukani ulipie vyuma wewe na risiti ibaki kwako.