Vitalu vilivyomo au vilivyokatwa?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Mafinga, naandaa ripoti ya vitalu vya msitu. Nimekata leya ya ramani kwa mpaka wa wilaya, kisha nikaandika: "Vitalu vilivyomo Mufindi ni 7." Bosi wangu kafuta, kaandika "vitalu vilivyokatwa ni 7". Nani yuko sahihi? Na vile vipande vidogo vya pembeni tuviite nini?*

Marahaba. Sentensi zote mbili zina kasoro, ila ya bosi wako ndiyo ya hatari zaidi. Kwa msomaji wa Mufindi, "vitalu vilivyokatwa" ni vitalu ambavyo miti yake imeshaangushwa. Mhasibu akiisoma ataanza kutafuta mapato ya mbao. Isitoshe, hata mtu wa ramani hatajua kama unasema vitalu vyote 7 vilivyotoka kwenye leya mpya, au vile tu ambavyo mpaka umepita katikati yake. Hivyo vya mwisho viite "vitalu vilivyopitiwa na mpaka", na hakuna atakayewaza shoka.

Yako ina tatizo la -mo. Kitu kikiwa na -mo, kimeingia na kuzungukwa: maji yamo mtungini. Kitalu ambacho nusu yake iko wilaya jirani ya Kilolo hakimo Mufindi, kipo mpakani. Na leya iliyokatwa haikupi vitalu vilivyomo peke yake. Ukibonyeza `Clip` kwenye QGIS, programu hiyo ya ramani haichagui vitalu, inavipunguza: kilicho ndani chote kinabaki kama kilivyo, kilicho nje chote kinaachwa, na kilichopitiwa na mpaka kinabakizwa ile sehemu ya ndani tu. Ungetaka vilivyomo hasa, ungetumia `Select by Location` ukaweka tiki kwenye `are within`. Kwa hiyo neno lako linaeleza kazi ambayo hukuifanya.

Tuchukue mfano mdogo. Tuseme leya nzima ina vitalu 10: 6 vimo Mufindi, 3 vimo Kilolo, na kimoja cha hekta 40 kimelala mpakani, hekta 25 huku na 15 kule. Wewe ukikata upande wako unapata safu mlalo 7 kwenye jedwali. Mwenzako wa Kilolo akikata kwake anapata 4. Mkiandika wote "vilivyomo", mkoani Iringa watajumlisha na kupata vitalu 11 katika msitu wenye vitalu 10. Kompyuta haikukosea popote, kwani ilichohesabu ni vipande. Andika basi: "Vitalu 6 vimo Mufindi kikamilifu, na sehemu ya kitalu kimoja cha mpakani."

Kuna jambo jingine ambalo si la sarufi, lakini linaharibu sentensi nyingi za ripoti. Umbo likikatwa, jedwali lake halikatwi. Safu wima yako ya `eneo_ha` itaendelea kusema 40 kwa kile kipande cha hekta 25, na kwa mwenzako vilevile 40. Ukiandika "eneo la vitalu" kwa kujumlisha namba hizo, hekta 40 zimegeuka 80. Kulijua ni rahisi: bofya kipande cha ukingoni kwa `Identify Features`, ulinganishe eneo lililoandikwa kwenye jedwali na lile linalokokotolewa chini ya `Derived`. Yakipishana, fungua kikokotozi cha safu, `Field Calculator`, tengeneza safu wima mpya ya namba za desimali na uandike:

```
$area / 10000
```

Hakikisha kwanza mradi wako unapima eneo kwa mita za mraba, maana hesabu hii inageuza mita hizo kuwa hekta. Usiifute safu ya zamani. Iite "eneo la kitalu kizima", na mpya "eneo lililo ndani ya wilaya". Majina marefu, ndiyo, lakini kila moja linasema kweli yake.

Hivyo vidogo vya pembeni, mimi ningeviita vibanzi. Neno lipo, na watu wa mbao wanalielewa bila kufundishwa. Ila usiite kila kipande kibanzi. Zile hekta 25 ni kipande halali. Kibanzi ni kile chembamba kinachozaliwa pale mstari wa mpaka na ukingo wa kitalu, ambavyo uwandani ni mstari mmoja, vilipochorwa na watu wawili tofauti vikapishana mita chache. Panga jedwali kwa safu mpya ya eneo, kuanzia dogo, na vibanzi vitajitokeza juu. Vikague kwenye ramani kimoja kimoja kabla ya kuvitoa, kisha useme kwenye ripoti kuwa umevitoa.

Na ukishuka ngazi ya chini ya wilaya, tafadhali usiandike "leya imekatwa kwa kata". Andika "leya imekatwa kwa kufuata mpaka wa kata".