Barua ya afisa probesheni kwa hakimu: kijana wa kosa la kwanza

"Wakuu, ndiyo kwanza nimepangiwa uafisa probesheni. Hakimu anataka ripoti ya kijana wa miaka 19 aliyekiri wizi, hana kosa la nyuma. Nataka kupendekeza huduma kwa jamii badala ya jela. Barua naiandikaje?"

Mkuu, barua yangu ya kwanza ilijaa "kijana ni mnyenyekevu" na "naiomba mahakama imhurumie". Hakimu aliimaliza, akaniuliza: atafanya kazi wapi, na nani atamsimamia? Sikuwa na jibu. Kijana akaenda ndani miezi sita. Kuomba huruma mwachie mshtakiwa mwenyewe au wakili wake.

Wizi chini ya Kanuni ya Adhabu unaweza kumfunga mtu hadi miaka 7, na wengi husikia huduma kwa jamii ni ya makosa yasiyozidi miaka 3, wakakata tamaa. Lakini Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 imeacha mlango: kosa likiwa na adhabu kubwa zaidi, hakimu akiona huyu aliye mbele yake anastahili miaka 3 au pungufu, bado anaweza kumpa. Kwa hiyo barua yako inampa hakimu sababu za kuona hivyo.

Nilikuwa na kijana wa gereji aliyeiba betri ya gari ya bosi wake, akaiuza shilingi 70,000. Nilikwenda kwao bila kupiga hodi ya simu, nikaongea na mama yake, mjumbe, kisha bosi. Bosi alikuwa bado ana hasira, na hilo nililiandika vilevile. Ukificha la upande wa pili, mwendesha mashtaka atalisema yeye, na barua yako nzima itaonekana ya kupikwa.

Mapendekezo yaliandikwa hivi: "Alikiri siku ya kwanza kusomewa shtaka. Familia imelipa 40,000. Mlalamikaji amekiri kupokea, ila hataki kumrudisha kazini. Mjomba wake, fundi seremala, atamchukua kila mchana. Zahanati ya kata imekubali kwa maandishi kumpokea kwa usafi na kufyeka, kwa muda wa saa nne kila asubuhi, chini ya mganga mfawidhi. Ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka kwao."

Hizo dakika 20 usizidharau. Wengi ninaowaona wakivunja amri hawana kiburi, wamekosa nauli. Na kabla hujasaini, kaa na kijana peke yake umweleze kwamba akiacha kufika atarudishwa mbele ya hakimu na jela inabaki palepale. Akisitasita, muulize kwa nini. Mmoja aliniambia pale nilipompangia ndipo anapofanya kazi aliyemwibia. Nikabadilisha kituo.

Yule wa betri alikosa siku mbili tu, za msiba wa bibi yake. Mganga alinipigia kabla sijauliza.