Tango Chungu: Lionje Kabla ya Kulitia Kwenye Blenda

Hapa Mombasa tango tulizoea kulikuta kwenye kachumbari ya pilau. Siku hizi linasagwa asubuhi pamoja na tangawizi, ndimu na asali. Mimi pia nainywa juisi hiyo, lakini tango lisiloonjwa haliingii kwenye blenda yangu.

Uchungu wa tango unatokana na kemikali iitwayo kukurbitasini, ambayo mmea huitengeneza kujikinga na wadudu na wanyama. Kwa kawaida iko zaidi kwenye majani na shina, na tunda huwa nayo kidogo mno. Lakini mmea ukiteswa na jua kali, ukamwagiliwa leo kisha ukaachwa na kiu siku kadhaa, uchungu huweza kuzidi kwenye tunda. Hukaa hasa upande wa kikonyo na chini ya ganda, ndiyo maana tango moja laweza kuwa chungu kichwani na zuri katikati.

Kwa hiyo nakata vidole viwili kutoka kwenye kikonyo, namenya, kisha naonja kipande chembamba kama ukucha. Kikiwa kichungu nasogea mbele nionje tena. Nikifika katikati na bado ulimi unakataa, tango zima linakwenda kwenye taka, hata kama nimelinunua Kongowea asubuhi ile ile.

Jirani yangu mmoja, bingwa wa pilau za harusi, husugua kile kichwa kilichokatwa mpaka povu litoke. "Mwanangu, uchungu wote unatoka hapo," huniambia. Simbishii sana, ila povu lile ni utomvu wa pale kwenye mkato tu. Uliomo ndani ya nyama unabaki. Kupika nako hakusaidii, maana kukurbitasini haivunjwi na moto wa jikoni.

Je, ni sumu? Ukimeza kipande kimoja chenye uchungu kidogo kwenye kachumbari, usihangaike. Hatari iko kwenye uchungu mkali ulioliwa kwa wingi: tumbo husokota, mtu akatapika na kuhara, wakati mwingine damu. Visa vibaya zaidi vimetokana na jamaa zake tango, si tango lenyewe. Kule India watu wamekufa baada ya kunywa juisi ya mumunye chungu, kwa hiyo mumunye nalo lionje kabla ya kulitia nazi.

Tatizo la juisi ni hilo hasa. Ukitafuna, ulimi unakushtua mapema ukatema. Kwenye gilasi, asali na tangawizi zinauficha uchungu, na matango mawili yanashuka kwa mkupuo mmoja.

Ikiwa umeshakunywa na kutapika hakukomi, au unaona damu au kizunguzungu, nenda hospitali na useme wazi ulikunywa juisi chungu ya nini. Kukurbitasini haina dawa yake maalumu. Utatiwa dripu na kuangaliwa presha, kwa sababu huweza kushuka sana.