Maneno anayajua, kifungu hakiingii

"Mwanangu wa kidato cha pili anasoma Kiswahili vizuri tu, lakini kifungu cha fizikia hakimwingii. Ni msamiati?"

Dada, mara nyingi kinachomkwamisha si neno geni, ni lile analolijua. Akikuta "kazi" anamwona kuli bandarini. Muulize: mtu kashika ndoo ya maji dakika 10, kasimama tu, mkono unamtetemeka. Kafanya kazi? Atasema ndiyo, tena kubwa. Fizikia inasema ndoo haijasogea, kwa hiyo kazi aliyoifanyia ni sifuri. Asipogutushwa hapo, atasoma hadi mwisho akijua kaelewa.

Kuna aliyekushauri "mnunulie kamusi"; kapatia nusu. Nani hufungua kamusi kutafuta "kazi"?

Ila ujuzi wa awali hubeba pia. Mwaka 1988 Marekani, watafiti Recht na Leslie waliwapa wanafunzi kisa cha mechi ya besiboli. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo walikumbuka mengi kuliko hodari wasioujua.

Mimi huanza na ndoo kabla ya kusoma. Mwalimu mwenzangu huwaacha wakosee kwanza. Bado tunabishana.