Karani Mpya wa Yadi, Anza na Kontena Ndipo Usome Karatasi

Kijana mmoja ameniandikia: "Kaka, nimepata ukarani kwenye yadi ya makontena hapa Dar. Nifanyeje nisionekane wa kuja?" Mdogo wangu, ngoja nikuhadithie yaliyonikuta nikiwa karani mchanga kama wewe.

Lori lilikuwa limeshawasha injini, linakwenda Zambia kupitia Tunduma. Namba ya kontena ilikuwa sawa, lakiri sawa. Wenzangu wangesaini. Mimi nilizunguka nyuma, nikakuta stika nyeupe juu, nyeusi chini, yenye picha ya kimiminika kinachodondokea mkono na chuma. Hiyo ni daraja la 8 la bidhaa hatari, vitu vinavyounguza, na namba yake ya kutambulisha kemikali ilikuwa 1791, yaani klorini ya maji. Karatasi ya mzigo ilisema madumu 400 ya kilo 45, unga, namba 2880. Kwa mdomo wote tunaita "klorini", lakini ule unga ni daraja la 5.1. Stika yake ni ya njano, ina mwali wa moto juu ya duara, kwa sababu unachochea moto. Ukikutana na mafuta unaweza kuwaka wenyewe, ukikutana na asidi unatoa gesi ya sumu. Sasa fikiria dereva mwenye dumu la dizeli ya akiba, anaegesha Tunduma akiamini amebeba klorini ya maji.

Dereva akanifokea, "Dogo, unanichelewesha foleni!" Sikusaini. Nikapiga picha pande zote nne, nikampelekea msimamizi, nikamwomba wakala alete hati ya bidhaa hatari. Kufungua kontena haikuwezekana, lakiri ya forodha haikatwi bila forodha wenyewe. Hati ilipokuja, ikathibitisha ni unga. Stika zilikuwa za mzigo wa awali, hakuna aliyezibandua. Zikatolewa, za njano zikabandikwa pande zote nne, lori likaondoka.

Pongezi zilimwendea msimamizi. Jina langu halikutajwa hata kwenye barua ya mteja, na bado linaniuma, sikufichi.

Sasa nisikilize. Wengi wanasoma karatasi kwanza, kisha wanatazama kontena wakitafuta kile walichokwisha kukisoma, na jicho linakubali tu. Fanya kinyume: andika kwanza unachokiona kwenye kontena, namba na rangi ya stika, ndipo ufungue faili. Pande zote nne, mdogo wangu, si mlango tu! Msiwe makarani wa mhuri. Ukiona stika mbili tofauti, au mabaki ya gundi yenye kipande cha stika ya zamani, simamisha na uulize wakala kwa maandishi, kwa sababu la mdomo litakanwa kesho. Na zamu ya usiku nenda na tochi yako, maana upande ulioegeshwa karibu na lori jingine ndio hauonekani kabisa.