Kaini alimwambia nini Habili? Majibu kwa wanaoandika juu ya midrashi

Mwalimu, shikamoo. Tumepewa karatasi ya kurasa tano: tulinganishe midrashi, yaani ufafanuzi wa marabi wa kale juu ya Maandiko, na usomaji wa kihistoria wa fungu lile lile la Biblia. Nichague fungu gani?

Marahaba. Chukua mstari mmoja tu, Mwanzo 4:8. Sura nzima itakumaliza nafasi kabla hujasema lolote la maana.

Katika matini ya Kimasora, yaani andiko la Kiebrania lililopokewa na Wayahudi, mstari huo unakwenda hivi: Kaini akamwambia Habili nduguye, ikawa walipokuwa uwandani, Kaini akamwinukia Habili nduguye, akamwua. Alimwambia nini? Andiko halisemi. Kitenzi kinachotumika ni kile ambacho kwa kawaida hufuatwa na maneno yenyewe ya msemaji, na hapa hayapo. Kama Biblia yako ina "Twende uwandani", jua kwamba maneno hayo yametoka katika nakala na tafsiri nyingine za kale, nitakazozitaja hapo chini. Marabi na wanahistoria wote wawili wamesimama mbele ya pengo hilo hilo, na ndiyo maana linafaa kwa karatasi fupi.

Nimefungua Bereshiti Raba, midrashi ya kitabu cha Mwanzo, sehemu ya 22, nikitarajia habari za Abrahamu kumtoa Isaka, nikakuta Kaini na Habili. Kitabu changu kina kasoro?

Hakina. Namba ya kwanza katika Bereshiti Raba ni ya parasha, yaani sehemu ya midrashi yenyewe, wala haifuati sura za Mwanzo. Parasha ya 22 inafafanua Mwanzo 4. Unachokitafuta wewe kiko 22:7. Kitabu kilikusanywa Palestina, yapata karne ya 5, kutokana na misemo ya marabi wa vizazi vingi vya nyuma.

Lakini hao marabi si wanatunga tu? Biblia haisemi ndugu hawa waligombania mali wala mwanamke.

Haisemi, na marabi walilijua hilo kuliko sisi. Tazama wanavyofanya kazi kabla ya kuwahukumu.

Wanauliza: walikuwa wakibishana juu ya nini? Jibu la kwanza ni kwamba waliamua kuigawana dunia. Mmoja akachukua ardhi, mwingine akachukua vitu vinavyohamishika. Kisha wa kwanza akasema, "Hapo unaposimama ni pangu, ruka juu!" Wa pili akajibu, "Hicho ulichovaa ni changu, kivue!" Hili halikutoka hewani. Mstari wa 2 umesema mmoja ni mkulima na mwingine mchungaji: wa udongo na wa mifugo. Rabi amezichukua kazi hizo mbili akazifikisha mwisho wake, hadi watu wawili wenye dunia nzima wanakosa mahali pa kukaa pamoja.

Jibu la pili linatolewa na Rabi Yoshua wa Siknini kwa jina la Rabi Lawi. Wote wawili walikuwa na ardhi, wote walikuwa na mali. Kilichobaki ni nani Hekalu lijengwe kwake. Ushahidi wake ni neno "uwandani", kwa Kiebrania sade. Neno hilo hilo limo katika Mika 3:12, "Sayuni utalimwa kama shamba". Kwa rabi, Maandiko yote ni usemi mmoja, kwa hiyo sade ya Mika inaweza kuifungua sade ya Mwanzo. Fikiria anayesema haya: Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70, na yeye anasoma uuaji wa kwanza duniani kuwa ugomvi juu ya mahali patakatifu. Mimi huliona hili kuwa jibu zito kuliko yote katika kifungu kile.

Kisha inakuja rai ya kuwa walimgombea Hawa wa kwanza, mwanamke ambaye kwa marabi aliumbwa kabla ya Hawa mama yao. Rabi Aibo anaikataa: huyo alikwisha kurudi mavumbini. Rabi Huna anasema Habili alizaliwa na pacha wa ziada; Kaini alimdai kwa kuwa yeye ni mzaliwa wa kwanza, Habili kwa kuwa amezaliwa naye. Hapa msingi ni kineno kidogo cha Kiebrania, et, kinachotangulia yambwa na kisichotafsirika. Kimekuja mara moja kwa Kaini na mara mbili kwa Habili, na marabi wakahesabu pacha mmoja kwa huyu na wawili kwa yule.

Rai zote zimeachwa pamoja, bila mshindi. Ndiyo maana usiandike "Wayahudi wanaamini kwamba waligombania ardhi". Andika ni rabi gani, kwa hoja gani, na kwamba wenzake walisema vingine.

Na wasomi wa kisasa wanalijazaje hilo pengo?

Wao huanza kwa kuuliza limetokeaje. Septuaginta, yaani tafsiri ya kale ya Kigiriki, na Torati ya Wasamaria zina maneno kama "twende uwandani", na tafsiri ya Kisiria ina wito wa namna hiyo. Je, maneno yalidondoka katika mstari wa Kimasora, au waliotutangulia kusumbuliwa na pengo hili waliyaongeza?

Utasoma mahali pengi kwamba mnakili aliruka kwa sababu neno "uwandani" linarudiwa. Jaribu mwenyewe. Andika: "nduguye, twende uwandani, ikawa walipokuwa uwandani, Kaini akamwinukia". Jicho likiruka kutoka "uwandani" ya kwanza hadi ya pili, kinachopotea ni "ikawa walipokuwa uwandani", na "twende" inabaki. Matini ya Kimasora ina kinyume chake. Kwa hiyo kama maneno yalidondoka, maelezo hayo peke yake hayatoshi. Upande wa pili nao una mzigo: Wasamaria wanasoma Kiebrania, basi huwezi kusema ni mfasiri wa Kigiriki tu aliyeongeza, ingawa matini yao inajulikana kwa kulainisha mahali pagumu. Mimi naelemea upande wa nyongeza, kwa sababu ni rahisi kueleza mtu kulijaza pengo kuliko kulitengeneza.

Ukibakiwa na nafasi, taja kwamba wapo wasomi, Julius Wellhausen miongoni mwao, waliomhusisha Kaini na kabila la Wakeni. Aya moja inatosha.

Mimi ni Mwislamu. Madrasa tulifundishwa kwamba Kabili na Habili walizozana kwa ajili ya dada pacha. Ni hadithi hiyo hiyo?

Ni jamaa yake wa karibu. Kurani, sura ya 5, inasimulia sadaka za wana wa Adamu bila kumtaja dada. Dada pacha wamo katika vitabu vya ufafanuzi wa Kurani, kwa mfano kwa Tabari, aliyefariki mwaka 923, na huko Adamu anaamuru kila mmoja amwoe pacha wa mwenzake. Tofauti na Rabi Huna iko wazi: huku kuna amri iliyovunjwa, kule kuna madai mawili yanayogongana. Tazama pia aya ya 32: anayeua nafsi moja ni kama ameua watu wote, nayo inasema hayo waliandikiwa Wana wa Israeli. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika Sanhedrini 4:5 ina kauli ya namna hiyo, nayo inaitoa katika Mwanzo 4:10, ambapo "damu" ya Habili iko katika wingi: damu yake na ya uzao wake.

Mwishoni nitangaze nani yuko sahihi?

Mwanahistoria unaweza kumpima: leta nakala, onyesha jicho liliporuka au halikuruka. Rabi Lawi naye anapimika, ila kwa kanuni zake: je, sade ya Mika kweli iko pale, na je, inabeba uzito anaoutwika? Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kumpima Rabi Lawi kwa nakala za Wasamaria, kisha kumpa alama sifuri. Ukurasa wako wa tano utumie kuonyesha ni kitu gani katika mstari huu kila mmoja amekiona na mwenzake hakukishughulikia. Mwanahistoria hana la kusema juu ya Hekalu. Rabi Lawi hajali kama kuna maneno mawili yaliyopotea.