Nyuki waliingia au wameingia?

"Mwalimu, shikamoo. Naandika taarifa ya robo mwaka ya mradi wetu wa ufugaji nyuki hapa Sikonge, kurasa 18. Mkuu wangu ameirudisha, pembeni kaandika: 'Nyakati zinayumba.' Je, nichague li au me, niitumie mwanzo hadi mwisho?"

Marahaba. Usichague. Ukibaki na moja tu, utasema usichokusudia. Anza na tarehe ya kufunga taarifa, tuseme 31 Machi, kisha ukiulize kila kitenzi: jambo hili lilipita na siku yake, au matokeo yake bado yapo siku hiyo?

Chukua mfano huu: "Februari tulitundika mizinga 120. Nyuki waliingia mizinga 74." Msomaji makini atauliza kama baadaye walihama, maana li hueleza tukio na kuliacha hukohuko. Kama bado wamo, andika: "Februari tulitundika mizinga 120. Hadi 31 Machi nyuki wameingia mizinga 74." Kutoka li kwenda me hapo si kuyumba. Kuyumba ni "Februari tumetundika". Mitaani twasema hivyo kila siku, hata mimi, lakini kwenye taarifa tukio lenye tarehe yake lipe li.

Penye hatari zaidi ni ukanushi. Ile mizinga 46 iliyobaki, nyuki "hawakuingia" au "hawajaingia"? La kwanza linafunga jalada: tulitega, tukakosa. La pili linasema bado mnawasubiri. Mfadhili akisoma "hawakuingia" ukurasa wa 4 na "hawajaingia" ukurasa wa 11, kwa mizinga ileile, ana haki ya kuuliza ukweli ni upi.

Usihangaike na "mizinga iliyotundikwa" hata kama sentensi nzima ina me. Me haipokei kirejeshi ndani ya kitenzi, hakuna "imeyotundikwa". Ama utumie li, ama useme "mizinga ambayo imetundikwa". Ta nayo hapo hugeuka taka: "mizinga itakayotundikwa".

Tukifika kwenye ta, nadhani ndipo mkuu wako alipokwama. Wengi hunakili taarifa ya robo iliyopita na kujazia takwimu mpya, hivyo "tutatundika mizinga 150 Februari" inabaki ndani ya taarifa ya Machi. Mpango uliokwisha kupitwa na siku yake uandike hivi: "Tulipanga kutundika mizinga 150, tukatundika 120." Ta iachie yaliyo mbele ya 31 Machi tu, kama mavuno ya Juni.

Ukimaliza, bonyeza Ctrl+F utafute "tuta", "wata", "yata", "uta" na "ita", kimoja kimoja. Usitafute "ta" peke yake. Utaletewa kila "taarifa" na kila "Tabora". Kila utakapopata ta ya kweli, soma tarehe iliyo karibu nayo.